Picha, Sauti na Kamera Hazipiti Njia Moja: Tulivyounganisha Kompyuta na Runinga ya Mama, Tabora

Mama yangu ana umri wa miaka 74, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na anaishi Cheyo, mjini Tabora, katika nyumba ileile tuliyokulia. Sisi watoto wake wanne tumetawanyika: dada yangu yuko Mwanza, wawili tuko Dar es Salaam, na kitinda mimba yuko Muscat kikazi. Kila Jumapili jioni tulikuwa tukimpigia simu ya video, na kila Jumapili jioni tulichokiona kwa muda mrefu zaidi ni dari ya sebule yake. Masikio yake yamepungua nguvu, hivyo mtu alipoanza kuzungumza aliisogeza simu sikioni ili asikie. Alipotaka kutuona aliirudisha mbele ya macho, na hapo kioo cha inchi 6 kilichogawanywa vipande vinne kilimpa kila mjukuu uso wenye ukubwa wa kidole gumba. Wakati huohuo, hatua chache kutoka alipoketi, kulikuwa na runinga ya inchi 32 iliyozimwa.

Likizo ya Desemba nilikwenda na kompyuta mpakato ambayo mdogo wangu alikuwa ameacha kuitumia, nikaiunganisha na runinga hiyo kwa waya, kisha nikamwandikia mama karatasi moja ya maelekezo. Kazi niliyodhani ni ya nusu saa ilichukua siku tatu, na sababu ya kuchukua siku tatu ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Nilidhani picha, sauti na kamera ni mzigo mmoja unaohama wote mara waya unapochomekwa. Sivyo. Picha hupita kwenye waya na kufika kwenye runinga. Sauti nayo hupita kwenye waya huohuo, lakini wakati mwingine mpaka kompyuta iambiwe. Kamera na kipaza sauti haviendi popote, vinabaki palepale kwenye kompyuta. Mtu akilielewa hilo anaweza kumsaidia mzazi wake hata akiwa mbali, kwa kuwa anaposimuliwa tatizo anajua kwanza aulize ni lipi kati ya hayo matatu lililokwama.

Siku ya kwanza tulishughulika na picha. Waya tuliotumia ni wa HDMI, uleule unaotoka kwenye king'amuzi kwenda kwenye runinga. Kichwa chake ni bapa, kina upana wa kama milimita 14, na upande wake mmoja ni mfupi kuliko wa pili kwa sababu pembe zake mbili zimekatwa. Kompyuta nyingi zina tundu la umbo hilo ubavuni, mara nyingi jirani na matundu ya USB, ambayo ni ya mstatili kamili na ni madogo kidogo. Naeleza umbo kwa kirefu kwa sababu mama alijaribu kwanza tundu la USB, na kichwa kilipogoma alitaka kusukuma zaidi. Kichwa cha HDMI kilichoelekezwa sawasawa huingia kwa msukumo mdogo wa kidole. Kikikataa, kigeuzwe juu chini. Kikikataa tena, tundu silo. Tuliviringisha utepe mwekundu kwenye vichwa vyote viwili vya waya, tukabandika kipande cha utepe huohuo kando ya tundu la kompyuta na kingine kando ya tundu la runinga, ili mama atafute rangi badala ya kusoma maandishi madogo.

Kama kompyuta yenu haina tundu la HDMI, angalieni kama ina tundu dogo la mviringo la USB-C, ambalo baadhi ya kompyuta hulitumia kutolea picha kwa kupitia adapta. Si zote, kwa hiyo ni vema kuijaribu adapta dukani kwa kompyuta yenyewe kabla ya kulipa. Kompyuta za zamani sana zina tundu la VGA lenye vishimo 15, na hilo hubeba picha pasipo sauti. Kwa mzazi mzee sishauri njia hiyo, maana inaongeza waya wa pili na kifaa cha tatu.

Nyuma ya runinga ya mama kulikuwa na matundu mawili ya HDMI, la kwanza likiwa limekaliwa na king'amuzi. Sikuuondoa waya wa king'amuzi, kwa sababu mama huangalia taarifa ya habari kila usiku na sikutaka simu ya video imharibie utaratibu wake. Kompyuta ilikwenda kwenye tundu lililoandikwa HDMI 2. Baada ya kuchomeka, runinga iliendelea kuonyesha king'amuzi kama kawaida, na mama akaniuliza, "Mwanangu, mbona haijatokea?" Jibu ni kwamba runinga haibadilishi tundu yenyewe, au walau nyingi hazifanyi hivyo; lazima iambiwe kwa rimoti. Kitufe chenyewe huandikwa `Source` au `Input`, na wakati mwingine hakina neno bali mchoro wa mshale unaoingia ndani ya kisanduku. Ukikibonyeza, orodha ya matundu hujitokeza pembeni mwa kioo, kisha unashuka kwa mshale hadi `HDMI 2` na kubonyeza kitufe cha katikati. Nilikitia kitufe hicho tone la rangi ya kucha, nyekundu vilevile.

Runinga ikiandika `No Signal`, usianze kubadilisha mambo matatu kwa mpigo. Kwanza hakikisha namba iliyoandikwa kwenye kioo ni ya tundu lililochomekwa. Pili, chomoa kichwa cha upande wa kompyuta na ukichomeke tena hadi kifike mwisho. Hapo kama bado, kuna kipimo kimoja ambacho kila nyumba yenye king'amuzi inacho bila kujua: chukua waya wa king'amuzi, ambao una hakika ni mzima kwa kuwa jana usiku ulileta habari, uutumie kwa kompyuta. Picha ikija, waya wako ndio mbovu. Isipokuja, rudisha waya huo kwenye king'amuzi chake, na kichwa chake cha pili ukichomeke kwenye HDMI 2. Kipindi kikionekana, tundu la runinga ni zima na tatizo liko kwenye kompyuta.

Kwetu tatizo lilikuwa kwenye kompyuta, ingawa haikuwa imeharibika. Runinga ilionyesha mandhari tupu ya bluu, bila alama yoyote, wakati kwenye kompyuta kila kitu kilikuwapo. Mama aliona runinga imeganda. Ukweli ni kwamba kompyuta ilikuwa imeichukulia runinga kuwa meza ya pili iliyowekwa kando ya ile ya kwanza: vitu vyote viko kwenye meza ya kwanza, na ya pili ni tupu ikisubiri uburute kitu ukiweke juu yake. Kwa Windows, tiba ni kushikilia kitufe chenye nembo ya Windows kisha kubonyeza herufi P:

```
Windows + P
```

Hapo hujitokeza machaguo manne. `PC screen only` huacha picha kwenye kompyuta pekee. `Duplicate` huonyesha picha ileile pande zote mbili. `Extend` ndiyo ile meza ya pili. `Second screen only` huzima kioo cha kompyuta na kuacha runinga. Kwa mzazi, chagua `Duplicate`, wala usishawishike na `Second screen only` hata kama inaonekana nadhifu zaidi. Mzee anayejifunza kusogeza mshale wa kipanya anahitaji kuuona karibu na mkono wake, na siku runinga ikikosea tundu bado atakuwa na kioo kimoja kinachoonekana. Kompyuta huikumbuka runinga hiyo, hivyo chaguo hilo kwa kawaida hufanywa mara moja tu.

Siku ya pili ilikuwa ya sauti. Tulimpigia dada yangu Mwanza, uso wake ukajaa runinga nzima, mama akapiga makofi. Kisha dada akasalimia, "Shikamoo mama," na sauti ikatoka nyembamba kwenye spika za kompyuta, kana kwamba anazungumza ndani ya kopo. Mama alichukua rimoti akaongeza sauti hadi 60, na hakuna kilichobadilika. Namna ya kutambua hali hii ni hiyohiyo: ukiongeza sauti kwa rimoti na mzungumzaji habadiliki, basi sauti bado haijavuka waya, na rimoti inaongeza kitu ambacho hakipo.

Kompyuta nyingine huihamisha sauti yenyewe mara waya unapochomekwa, ya kwetu haikufanya hivyo. Penye kona ya chini kulia ya kioo kuna alama ndogo ya spika. Ibonyeze, karibu na mstari wa kuongeza na kupunguza sauti utaona mahali pa kufungua orodha ya vifaa vya kutolea sauti, na humo runinga hujitokeza kwa jina, mara nyingi jina la kampuni iliyoitengeneza. Ukiichagua, sauti inahama. Lakini programu ya kupigia simu ina uchaguzi wake wenyewe wa spika, na inaweza kushikilia spika za kompyuta hata baada ya wewe kubadilisha kila kitu kwingine. Kwa hiyo ingia pia kwenye mipangilio ya programu hiyo, sehemu ya sauti na video, uhakikishe spika iliyochaguliwa ni runinga na kipaza sauti kilichochaguliwa ni cha kompyuta. Runinga ya kawaida haina kipaza sauti cha kukuhudumia katika simu hii, na kila neno la mama linaingilia kwenye kompyuta.

Baada ya hapo niliongeza sauti ya kompyuta hadi mwisho na kumwambia mama asiiguse tena. Vidhibiti vikiwa viwili, mzee hupunguza kimoja leo na kusahau, kesho anaongeza kingine na kushangaa. Kikibaki kimoja, yaani rimoti aliyoizoea kwa miaka mingi, hakuna la kukumbuka.

Sauti ilipohamia kwenye runinga, dada yangu akalalamika: "Mama, kila ninachosema kinanirudia." Mama akadhani simu ya dada ndiyo mbovu, na mimi nikadhani hivyo kwa dakika kama tano. Kumbe katika mwangwi wa simu za video, anayejisikia mwenyewe si mwenye tatizo. Tatizo liko upande wa pili. Sauti ya dada ilikuwa inatoka kwenye runinga ya Tabora, inaingia kwenye kipaza sauti cha kompyuta iliyokuwa imewekwa hatua mbili tu kutoka kwenye spika za runinga, na inarudi Mwanza. Programu hujitahidi kuifuta sauti hiyo, kwa kuwa inajua ilichotoa na inaweza kukitambua kikirudi. Hata hivyo runinga nyingi huichelewesha sauti kidogo zinapoichakata, na sauti ikiwa kubwa kupita kiasi hupasuka na kubadilika umbo, hivyo programu inashindwa kuitambua.

Tulipunguza rimoti kutoka 60 hadi 28 na mwangwi ukapungua sana, na kwa kuwa sauti sasa ilitoka kwenye spika kubwa, mama aliendelea kusikia vizuri. Kisha niliingia kwenye mipangilio ya picha ya runinga nikachagua hali ya michezo ya kompyuta, iliyoandikwa `Game`, ambayo hupunguza ule ucheleweshaji. Mabaki ya mwangwi yaliisha siku ya tatu tulipohamisha kompyuta. Jambo moja zaidi kuhusu sauti: mjukuu aliyeko sebuleni asijiunge na simu hiyohiyo kwa simu yake ya mkononi akiwa ameketi karibu na bibi. Vifaa viwili katika chumba kimoja na katika mazungumzo mamoja hupokezana sauti mpaka unatokea mlio mkali unaomuumiza mzee masikio. Amzunguke bibi, aonekane kwenye kamera ileile.

Siku ya tatu ndiyo niliyoithamini zaidi, ingawa haikuwa na kitufe hata kimoja. Kompyuta nilikuwa nimeiweka juu ya kabati la runinga, upande wa kulia, kwa sababu waya niliokuja nao ulikuwa wa mita 1.5 na haukufika kwingine. Mama aliketi kwenye kiti chake na kutazama runinga, kama mtu yeyote angefanya. Kamera ikabaki pembeni, na kwa muda wa simu nzima ndugu yetu wa Muscat alikuwa akizungumza na sikio la kulia la mama. Akasema kwa upole, "Mama, geuka kidogo nikuone." Mama akageuka kuitazama kompyuta, na hapo yeye akaacha kuwaona kwenye runinga. Kila mmoja alimwona mwenzake kwa zamu.

Niliketi kwenye kiti cha mama na kuona kwamba jicho, kamera na runinga vinapaswa kuwa kwenye mstari mmoja. Tulichukua stuli ya sentimita 50, tukaiweka mbele ya mama kwa umbali wa mita 1 hivi, na kompyuta juu yake ikimtazama. Runinga ikawa nyuma ya kompyuta, katikati kabisa, juu kidogo. Sasa mama anapoitazama runinga, macho yake yanapita juu ya ukingo wa kompyuta ambako kamera ipo, na kwetu inaonekana kana kwamba anatutazama usoni, au karibu sana na hivyo. Kipaza sauti nacho kimesogea karibu na mdomo wake na kujitenga na spika za runinga, na hapo ndipo ule mwangwi wa mwisho ulipokwisha. Ningeanza na jambo hili ningeokoa siku nzima.

Waya wa mita 1.5 haukutosha tena. Nilipima kwa kamba, si kwa macho, kwa kuwa waya haupiti angani: sentimita 80 kushuka kutoka nyuma ya runinga hadi sakafuni, mita 1.4 kwenye sakafu, na sentimita 50 kupanda stuli. Jumla ni mita 2.7. Waya wa mita 3 ungefika ukiwa umekaza, na waya uliokaza huchomoka ukiguswa na huuchosha mdomo wa tundu, kwa hiyo nilinunua wa mita 5. Kwa picha ya kawaida ya runinga ya namna hii, urefu huo haupunguzi chochote. Ila waya unaokatisha sakafu ni hatari kwa mtu wa miaka 74 kuliko hitilafu yoyote ya kompyuta. Tuliupitisha chini ya mkeka na kuubandika kwa utepe mpana kutoka mwanzo hadi mwisho, na sehemu inayopanda stuli tuliifunga kwenye mguu wa stuli upande ambao mama hapiti. Iwapo nyumba yenu ina watoto wadogo au njia ya kwenda jikoni inakatisha hapo, ni bora waya uzunguke ukutani hata kama utahitaji mita nyingi zaidi, au uchomolewe na kukunjwa kila baada ya simu.

Mwanga ulitusumbua kidogo tu. Dirisha lilikuwa nyuma ya mama, na saa kumi na moja jioni jua la Tabora likipiga hapo uso wake ulikuwa mweusi kabisa kwetu. Kufunga pazia hilo na kuwasha taa iliyo upande wa runinga kulitosha.

Mama aliniuliza kama runinga kubwa itakula bando zaidi. Swali hilo ni la haki na jibu lake ni hapana. Waya wa HDMI hautumii intaneti hata kidogo. Kinachotumia ni simu ya video yenyewe, iwe inaonekana kwenye kioo cha inchi 6 au cha inchi 32. Kompyuta ya mama inapata intaneti kutoka kwenye simu yake ya mkononi, ambayo huigawa na kuwekwa kwenye chaja mezani muda wote wa mazungumzo. Kwa makadirio, simu ya video inayotumia megabiti 1 kwa sekunde kwenda na megabiti 1 kurudi humaliza megabaiti 15 hivi kwa dakika, yaani kama megabaiti 900 kwa saa. Kwa mazungumzo ya dakika 40 tunamwekea bando lisilopungua megabaiti 600, na akiba kidogo juu yake, kwa sababu programu huongeza ubora wa picha pale mtandao unaporuhusu.

Kutokana na hilo kuna namna rahisi ya kutofautisha tatizo la mtandao na tatizo la waya, na nimeitumia mara nyingi kwa simu nikiwa Dar es Salaam. Uso wa mtu ukiganda au kukatika vipande vya mraba, mwombe mzazi asogeze kipanya. Mshale ukitembea vizuri kwenye runinga, waya ni mzima na mtandao ndio dhaifu. Lakini kama kioo chote cha runinga, pamoja na mshale, kinakuwa cheusi kwa sekunde chache na kurudi, au kinamwaga vidoa vinavyometameta, mtandao hauhusiki. Kichwa cha waya kimelegea au waya umechoka.

Umeme nao una mambo yake. Ukikatika, kompyuta huendelea kwa betri huku runinga ikizimika, na sauti hurudi kwenye spika za kompyuta. Kwa hiyo mazungumzo hayafi, na mama anajua kwamba anapaswa tu kuinama karibu na stuli. Umeme ukirudi, runinga inaweza kufunguka kwenye king'amuzi, na sauti inaweza kubaki kwenye kompyuta kwa kuwa programu imeshaizoea. Badala ya kumfundisha mama kurekebisha katikati ya mazungumzo, tulikubaliana kwamba anarudisha `HDMI 2` kwa rimoti, anakata simu, na sisi tunampigia upya. Mara nyingi hiyo peke yake huirudisha sauti mahali pake.

Radi ni suala zito zaidi, na mvua za Tabora huja na radi. Dishi lililoko juu ya paa limeunganishwa na king'amuzi, king'amuzi na runinga, na sasa runinga na kompyuta. Mshtuko wa umeme unaoingilia kwenye dishi au kwenye soketi una njia ya kufika hadi kwenye kompyuta iliyo mbele ya magoti ya mzazi. Kifaa cha kulinda runinga kilichochomekwa ukutani hakizuii kinachopitia kwenye dishi. Wingu likitanda, mama huzima vyote, huchomoa plagi ukutani, kisha huchomoa kichwa chekundu cha upande wa kompyuta.

Karatasi niliyomwachia imeandikwa kwa herufi kubwa kwa kalamu nene, na imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la runinga. Niliandika toleo la kwanza nikiwa peke yangu, likawa na mistari 19, na mama alipoanza kulifuata alipotea kwenye mstari wa 4. La pili tuliliandika pamoja: yeye alifanya, mimi nikaandika kile alichokifanya kwa maneno aliyoyatumia yeye. Linasema hivi:

"Fungua kompyuta, bonyeza kitufe cha kuwasha, subiri mpaka picha ya mlima itokee. Chomeka kichwa chekundu. Washa runinga. Kwenye rimoti, bonyeza kitufe chekundu, shuka mpaka HDMI 2, bonyeza katikati. Picha ya mlima lazima ionekane mahali pawili. Kwenye simu, washa intaneti ya kugawa. Keti. Subiri watoto wapige. Kompyuta na simu vitalia pamoja: pokea kwenye kompyuta, alama ya kijani, na simu uiache. Ukisikia sauti imekuwa ndogo, tumia rimoti peke yake. Ukimaliza, bonyeza alama nyekundu."

Hakuna neno kuhusu kuchagua spika, wala kuhusu `Windows + P`. Hayo ni ya kwetu, na tumeyaandika nyuma ya karatasi hiyohiyo kwa ajili ya jirani au mjukuu atakayeitwa kusaidia. Vilevile hakuna neno kuhusu kumpigia mtu, kwa sababu tuliamua sisi ndio tupige. Nilihakikisha pia kwamba kompyuta haizimi kioo wala hailali ikiwa kwenye chaja, na nikaongeza ukubwa wa maandishi hadi asilimia 150. Tunatumia WhatsApp iliyowekwa kwenye kompyuta na kuunganishwa na akaunti ya mama ya simu, na hiyo ina sharti moja la kulikumbuka: simu yenyewe isipotumika kwa zaidi ya siku 14, kompyuta hutolewa kwenye akaunti na kulazimika kuunganishwa upya. Kwa mama anayetumia simu yake kila siku halina shida, lakini mzazi ambaye simu yake huharibika na kukaa wiki tatu kwa fundi atakuta kompyuta haipokei chochote.

Nilirudi Tabora mwezi wa nne na kukuta karatasi imeongezwa maneno kwa penseli, kwa mwandiko wa mwalimu, pembeni ya mstari wa rimoti. Mama alikuwa amegundua kwamba baada ya kubonyeza kitufe chekundu ile orodha ya matundu hudumu sekunde chache tu kisha hujifunga, na yeye alikuwa anatumia sekunde hizo kutafuta miwani. Ameandika: "Vaa miwani kwanza."